Mwongozo kamili: Kugawa umeme wa kuchajia magari katika maegesho ya chini ya ardhi yenye laini ndogo

Majengo ya makazi yanayoweka chaja za magari chini ya ardhi hukwama mara nyingi pahali pamoja. Chaja hununuliwa kwanza, kila moja hufungwa kwa uwezo wake wote, kisha jioni magari yanaporudi kwa wingi breka kuu hujikata na jengo zima hubaki gizani. Baada ya hapo wamiliki huandika barua ya kuomba laini kubwa zaidi, jambo ambalo huchukua muda mrefu na fedha nyingi, na ambalo mara nyingi halikuhitajika.

Mwongozo huu unafuata jengo moja la mfano jijini Nairobi: nyumba 48, breka kuu ya ampea 250 kwa kila fezi, volteji ya 240 kati ya fezi na nutro, na nafasi 20 za magari zinazotakiwa kuwa na chaja. Tarakimu za mzigo ni za mfano tu; za jengo lako utazipata kwa kupima.

## Vitu vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Kifaa cha kurekodi mkondo wa fezi tatu, ambacho kinaweza kukodishwa kwa wiki mbili.
- Mchoro wa umeme wa jengo pamoja na mkataba wa laini.
- Chaja 20 za fezi moja za ampea 32, ambazo mkondo wake unaweza kupunguzwa kwa amri na ambazo zina mpangilio wa mkondo wa dharura mawasiliano yanapokatika.
- Kidhibiti cha kugawa mzigo kinachofanya kazi ndani ya jengo lenyewe bila kutegemea intaneti.
- Mita ya fezi tatu yenye mawasiliano ya Modbus, na transfoma tatu za kupimia mkondo za uwiano wa 300/5.
- Bodi ya chaja yenye breka yake, kebo ya kuilisha, na kinga ya mvujo wa umeme kwa kila chaja.
- Kebo za mtandao hadi kwenye kila chaja.
- Fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya.

Chaja ziko katika orodha hii ili ujue aina yake. Usizilipie kabla ya kumaliza hatua ya tano.

## Hatua ya 1: Tafuta kikomo halisi cha laini

Kikomo cha jengo ni kile kidogo kuliko vyote kati ya vitu vinne: transfoma, kebo inayoingia, breka kuu, na kiwango kilichoandikwa katika mkataba. Katika jengo letu kebo inaweza kubeba zaidi ya breka, na mkataba unaruhusu kiasi kile kile cha breka, kwa hiyo breka ya ampea 250 ndiyo inayoamua.

Usitumie ampea zote 250. Chaja hubeba mzigo kwa saa nyingi mfululizo, na chumba cha swichi kilicho chini ya ardhi huwa na joto linaloweza kuifanya breka ijikate mapema kuliko inavyoandikwa. Acha asilimia kumi. Kikomo chetu cha kazi ni ampea 225 kwa kila fezi.

## Hatua ya 2: Pima mzigo wa jengo, fezi kwa fezi

Funga kifaa cha kurekodi kwenye laini kuu kwa wiki mbili zisizopungua, na hakikisha zina mwisho wa wiki na mwisho wa mwezi ndani yake. Kiweke kirekodi wastani wa kila dakika moja au tano.

Watu wengi huruka hatua hii kwa sababu wanayo bili. Bili haitoshi, kwa kuwa kiwango cha juu kinachoonyeshwa humo ni wastani wa muda fulani kwa fezi zote pamoja, ilhali breka hujikata fezi moja tu inapozidiwa. Jengo linaweza kuonekana lina nafasi kubwa kwenye karatasi huku fezi moja iko ukingoni.

Katika jengo letu kilele kilitokea kati ya saa moja na saa tatu usiku, wakati wa kupika, kuoga maji ya moto na kupandisha maji kwenye matangi. Fezi ya kwanza ilifika ampea 172, ya pili 148, na ya tatu 160. Kuanzia saa nne usiku mzigo ulianza kushuka, na baada ya saa saba ulikuwa karibu na ampea 80 kwa kila fezi.

Umefanikiwa iwapo unaweza kuandika kwa kila fezi tarakimu mbili: kilele cha jioni na kiwango cha usiku wa manane. Sasa nafasi inaonekana wazi. Wakati wa kilele fezi ya kwanza ina ampea 53 zilizobaki, ya pili 77, ya tatu 65. Usiku wa manane kila fezi ina zaidi ya ampea 140.

## Hatua ya 3: Hesabu yuniti za usiku mmoja

Hapa ndipo kosa kubwa huzaliwa. Mbunifu huzidisha chaja 20 kwa ampea 32, anapata ampea 640, anazigawa kwa fezi tatu, kisha anatangaza kwamba laini haitoshi. Hesabu hiyo ni sahihi kama hesabu, lakini inajibu swali ambalo hakuna mkazi aliyeuliza. Mkazi anataka gari lake liwe na umeme wa kutosha asubuhi, wala hajali kama lilichajiwa kwa kasi au polepole alipokuwa amelala.

Chukua gari linalotembea kilomita 40 kwa siku mjini. Likitumia takribani yuniti 0.18 kwa kilomita, limemaliza yuniti 7.2, na ukiongeza upotevu wa kuchaji unapata karibu yuniti 8. Magari 20 yanahitaji yuniti 160 kwa usiku.

Mkondo wa ampea 6, ambao ndio mdogo kabisa unaoruhusiwa na kiwango cha IEC 61851-1, hutoa kilowati 1.44 kwa volti 240. Kwa saa nane hizo ni yuniti 11.5. Kwa maneno mengine, hata kila gari likipewa kiasi kidogo kuliko vyote usiku kucha, hitaji la siku ya kawaida linatimia, ingawa magari mengine hupoteza umeme zaidi kidogo yakichajiwa kwa mkondo mdogo.

Kwa nini basi tusifunge kila chaja kwa ampea 6 na kumaliza kazi? Kwa sababu mkazi mmoja atarudi kutoka Mombasa betri ikiwa karibu tupu, naye atahitaji yuniti 40 kufikia asubuhi. Kwa ampea 6 hatafika popote. Kwa ampea 32 atazipata kwa saa tano na kitu, na usiku wa manane, magari mengine yakiwa yamejaa, ampea hizo zipo. Kazi ya kidhibiti ni kumhudumia huyu bila kuwaathiri wengine.

## Hatua ya 4: Chagua chaja za fezi moja na uzigawe kwa kufuata mzigo

Muuzaji atakushawishi ununue chaja za fezi tatu kwa kuwa zina nguvu zaidi. Kwa jengo la makazi lenye laini ndogo ninapendekeza za fezi moja, na sababu yake ni ile ampea 6. Gari la fezi tatu haliwezi kushuka chini ya ampea 6 katika kila fezi, hivyo magari 20 ya namna hiyo yatahitaji angalau ampea 120 kwenye fezi ambayo jioni ina nafasi ya ampea 53 tu. Itabidi uyasimamishe magari zaidi ya nusu kila jioni. Aidha, magari mengi yaliyotumika yanayoagizwa kutoka Japani, kama vile Nissan Leaf, huchaji kwa fezi moja tu hata yakichomekwa kwenye chaja kubwa.

Kagua pia tundu la kuchajia la kila gari kabla ya kuagiza. Leaf nyingi za Japani zina tundu la Aina ya 1, na magari yanayoagizwa moja kwa moja kutoka China yanaweza kuwa na tundu la kiwango cha GB/T. Chaja yenye soketi ya Aina ya 2, ambapo kila mkazi huleta kebo inayofaa gari lake, huepusha ugomvi.

Sasa zigawe chaja katika fezi, na usizigawe kwa usawa wa upofu. Fezi ya kwanza ndiyo iliyolemewa, kwa hiyo ipe chaja 6. Ya pili na ya tatu zipe chaja 7 kila moja. Andika namba ya chaja na fezi yake kwenye jedwali, kwa sababu kidhibiti kitalihitaji.

## Hatua ya 5: Weka mkondo wa dharura kabla ya jambo jingine lolote

Mkondo wa dharura ni ule ambao chaja huufuata yenyewe inapopoteza mawasiliano na kidhibiti. Lazima uwe salama katika saa mbaya kuliko zote, chaja zote zikiwa na magari, bila msaada wa kompyuta yoyote.

Hesabu yake ni fupi. Fezi ya kwanza: chaja 6 kwa ampea 6 ni ampea 36, na nafasi ya kilele ni 53. Fezi ya pili: chaja 7 ni ampea 42, nafasi ni 77. Fezi ya tatu: ampea 42, nafasi ni 65. Zote zinatosha, na ziada kidogo inabaki kwa ajili ya mkazi atakayenunua jiko jipya la umeme.

Kama hesabu hii isingekubali, ungekuwa na njia mbili: kupunguza idadi ya chaja, au kuziagiza baadhi ya chaja zizime kabisa mawasiliano yanapokatika. Kutumaini kwamba mawasiliano hayatakatika si njia ya tatu.

Tahadhari. Chaja nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kuendelea na amri ya mwisho, au kurudi kwenye uwezo wake wote, pindi mawasiliano yanapokufa. Muulize muuzaji swali hili kwa maandishi. Ikiwa chaja inatumia OCPP 1.6, lugha ya mawasiliano kati ya chaja na kidhibiti, mtake aonyeshe kwamba wasifu wa `TxDefaultProfile` wa ampea 6 unahifadhiwa ndani ya chaja yenyewe na unabaki hata baada ya umeme kukatika na kurudi. Asiyeweza kukuonyesha hilo, usinunue kwake.

## Hatua ya 6: Laini ya kulisha bodi ya chaja

Si lazima kebo ya bodi ibebe chaja zote kwa uwezo wake wote. Kiwango cha IEC 60364-7-722 kinataka laini ya kila chaja ihesabiwe kwa mkondo wake kamili, lakini kinaruhusu laini kuu ya chaja ipunguzwe palipo na udhibiti wa mzigo.

Breka ya ampea 80 inatosha hapa. Ukiacha asilimia kumi, unapata kikomo cha ampea 72 kwa fezi, sawa na takribani kilowati 52. Yuniti 160 za usiku zinaisha kwa saa tatu na ushei, hivyo breka kubwa zaidi ingeongeza gharama bila kuongeza huduma.

Nutro isipunguzwe kamwe. Chaja za fezi moja zinaweza kufanya kazi kwenye fezi moja peke yake, na wakati huo mkondo wote hurudi kupitia nutro.

Kila chaja iwe na breka yake na kinga ya mvujo ya miliampea 30. Kinga hiyo iwe ya aina B, au ya aina A ikiwa chaja yenyewe hugundua mvujo wa mkondo mnyoofu wa miliampea 6, kwa sababu mvujo wa aina hiyo huipofusha kinga ya kawaida. Bodi na chaja ziwe juu ya kimo ambacho maji ya mvua yanaweza kufika, na nguzo za chuma zizuie magari yanayorudi nyuma.

## Hatua ya 7: Mita na mawasiliano

Transfoma za kupimia mkondo zifungwe mahali ambapo mzigo wote hupita: nyumba, lifti, pampu na chaja. Iwapo jengo limechukua mita tofauti ili lipate bei maalumu ya kuchajia magari ambayo EPRA iliidhinisha mwaka 2023, bodi ya chaja huenda ikachomolewa kabla ya mita ya jengo. Hapo transfoma za kupimia lazima zisogezwe juu zaidi, kabla ya laini kugawanyika, la sivyo kidhibiti kitakuwa hakioni nusu ya mzigo.

Tahadhari. Kamwe usiache ncha za upande wa pili wa transfoma ya kupimia zikiwa wazi mkondo unapopita. Volteji ya kuua hujitokeza papo hapo.

Ishara ya simu ni dhaifu chini ya zege, kwa hiyo kila chaja ipate kebo ya mtandao. Huduma ya intaneti itumike kwa malipo na kumbukumbu tu.

Kisha hakiki fezi kwa vitendo. Chomeka gari moja kwenye chaja ya kwanza na utazame ni fezi ipi inayopanda kwenye mita kuu. Rudia kwa chaja zote 20. Kazi hii inachosha, lakini fezi zilizobadilishana mahali zinakifanya kidhibiti kipunguze magari yasiyo na kosa huku fezi iliyozidiwa ikiendelea kupata moto. Umefanikiwa jedwali la hatua ya nne linapolingana na kinachoonekana kwenye mita, bila hata chaja moja kutofautiana.

## Hatua ya 8: Kanuni ya kugawa

Kwa kila fezi, kidhibiti kipewe kanuni hii:

```
I_chaja_mpya = min(72, 225 - (I_kuu - I_chaja))
```

Mita kuu husoma jengo na chaja kwa pamoja, ndiyo maana mkondo wa chaja unaondolewa kwanza. Tuseme fezi ya kwanza inasoma ampea 210, na kati ya hizo chaja zinatumia 48. Jengo peke yake linatumia 162, nafasi ni 63. Zikiwapo chaja 6 zinazofanya kazi, kila moja inapata ampea 10. Chaja hulipelekea gari ujumbe kwa kubadilisha upana wa mapigo ya umeme kwenye waya wa mawasiliano: asilimia 10 ni ampea 6, asilimia 26.7 ni ampea 16. Gari hutakiwa kutii ndani ya sekunde 5.

Kushusha kuwe kwa haraka, kupandisha kuwe kwa polepole. Mzigo wa jengo ukipanda, punguza mara moja. Ukishuka, subiri dakika moja au mbili kabla ya kuongeza, na uongeze kwa ampea mbili tatu. Bila hivyo, kila lifti inapopanda na kushuka magari yote yatayumba pamoja nayo.

Usihangaike na mruko wa sekunde chache pampu inapowaka. Breka ya namna hii, mkondo ukizidi kwa asilimia 30, inaruhusiwa kuchukua hadi saa mbili kabla ya kujikata. Kidhibiti kinachotenda ndani ya sekunde 10 kina muda wa kutosha.

Mgao ukishuka chini ya ampea 6, simamisha baadhi ya magari na uyapokeze zamu kila nusu saa. Zamu fupi kuliko hizo huleta tatizo la ajabu: baadhi ya magari, yakisimamishwa mara kadhaa, hulala na hayaamki tena hadi kebo ichomolewe.

## Hatua ya 9: Jenereta

Nairobi jengo la namna hii karibu kila mara lina jenereta. Jenereta ya kVA 60 hutoa takribani ampea 83 kwa fezi, nayo tayari inabeba lifti, pampu na taa. Njia safi ni kuilisha bodi ya chaja kutoka upande wa laini ya umeme, kabla ya swichi ya kubadilisha chanzo, ili jenereta isizione chaja kabisa. Ikiwa mpangilio wa waya haukubali, weka kontakta inayoikata bodi ya chaja pindi jenereta inapowaka. Usitegemee amri ya programu peke yake.

Umeme unaporudi, friji, pampu na hita huwaka kwa wakati mmoja. Chelewesha chaja dakika kumi, kisha ziwashwe kwa makundi.

## Hatua ya 10: Majaribio ya kupokea kazi

Usimlipe mkandarasi malipo ya mwisho kabla hujaona haya kwa macho yako, magari matano au zaidi yakiwa yamechomekwa.

1. Shusha kikomo katika kidhibiti kutoka 225 hadi chini kidogo ya mzigo unaosomwa na mita kuu wakati huo. Magari yapungue ndani ya sekunde 10. Njia hii ni bora kuliko kujaribu kulilemea jengo lenyewe.
2. Chomoa kebo ya mtandao ya chaja moja. Ishuke hadi ampea 6 ndani ya dakika moja na ibaki hapo.
3. Zima kidhibiti. Chaja zote zishuke hadi ampea 6.
4. Chomoa waya wa mawasiliano wa mita kuu, kidhibiti kikiwa hai. Jaribio hili ndilo linaloangusha mifumo mingi: kidhibiti huendelea kuamini namba ya mwisho iliyosomwa, kana kwamba jengo limeganda. Matokeo sahihi ni chaja zote kwenda kwenye mkondo wa dharura.
5. Kata umeme wa jengo, acha jenereta iwake, kisha urudishe umeme. Chaja zisichukue chochote kutoka kwenye jenereta, na zirudi kwa kuchelewa.

Jaribio la pili, la tatu au la nne likishindwa, rudi kwenye mipangilio ya hatua ya tano. Jaribio la kwanza likishindwa kwenye fezi moja tu, kagua mwelekeo wa transfoma ya kupimia ya fezi hiyo, kwani iliyofungwa kinyume husoma namba hasi.

## Hatua ya 11: Kusoma kumbukumbu baada ya mwezi mmoja

Tazama mambo mawili. La kwanza ni kilele cha kila fezi: kikizidi ampea 225 kwa zaidi ya sekunde chache, kuna mzigo usioonekana na mita. La pili ni magari yaliyoondoka asubuhi bila umeme ambao wenyewe waliuomba. Yakiwa mengi kwenye fezi moja na si nyingine, hamishia chaja moja au mbili fezi yenye nafasi. Yakiwa mengi kwenye fezi zote tatu huku ampea 72 zikitumika kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri, panua kwanza laini ya bodi ya chaja, kwa kuwa usiku wa manane laini kuu bado ina nafasi mara mbili ya hiyo. Barua ya kuomba laini kubwa iandikwe pale tu ampea 225 zinapoguswa usiku kucha, na kumbukumbu hizo ziambatanishwe nayo.